Alisema "hawajambo", kumbe mjomba amelazwa

"Mimi ni mzaliwa wa Iringa, nimeolewa hapa Mtwara mjini na huu ni mwaka wa pili. Mwezi uliopita mama mkwe alikuja kutoka Newala bila kutupigia simu. Nilimkuta barazani, nikamwamkia, nikasema pole na safari mama, akajibu nimeshapoa. Nikamuuliza, mbona ghafla, kuna nini? Akasema hakuna neno. Nikauliza, huko nyumbani wote hawajambo? Akasema hawajambo. Usiku, baada ya kula, akamwambia mume wangu kwamba mjomba amelazwa, leo siku ya sita. Nililia kwa kuona nimefichwa. Wifi yangu anasema mimi ndiye niliyekosea, tena mara mbili. Je, mama hakunidanganya? Na mimi nilikosea nini?"

Mwanangu, mama mkwe wako hakukudanganya. Alikujibu salamu, nawe ukadhani amejibu swali, na hapo ndipo machozi ya usiku ule yalipotoka. Wifi yako naye ana haki kwa sehemu, ingawa hesabu yake ya makosa mawili naiona imezidi, kwa kuwa kwa hesabu yangu kosa ni moja, nalo ni la wakati, wala si la maneno uliyoyatumia. Nimefundisha Kiswahili katika shule za mikoa ya Lindi na Mtwara hadi nilipostaafu, na tangu hapo nimekuwa nikiitwa mara kwa mara kuwa mshenga, kazi inayomkalisha mtu barazani kwa watu akitazama wageni wakipokewa vizuri na wengine wakipokewa vibaya. Kwa hiyo nitakueleza taratibu, nikianza na neno lile la kwanza kabisa ulilolitamka sawasawa.

Watu wengi waliojifunza Kiswahili ukubwani, na siku hizi hata vijana wetu wenyewe, huichukua pole kama neno la msiba au neno la kuomba radhi. Si hivyo. Mtu akikukanyaga mguu ndani ya daladala anapaswa kusema samahani, maana akisema pole atakuwa anakuhurumia kwa maumivu aliyokusababishia yeye mwenyewe, na nimeshuhudia ugomvi ukizuka kwa ajili hiyo hiyo. Pole humwendea mtu ambaye mwili wake au moyo wake umebeba mzigo, awe anatoka shambani, awe ameuguliwa, awe amefiwa, au awe ameketi saa nyingi garini. Anayeitoa hadai kwamba safari ilikuwa mbaya. Anakiri tu kwamba safari, hata iliyo njema, humchosha mwanadamu, na wahenga walipotuachia msemo kwamba msafiri kafiri walikuwa wanataja hali hiyo ya kukosa raha, kula ovyo, kulala ovyo na kushindwa hata kutimiza ibada zako kwa wakati.

Sasa sikiliza jibu lake. Nimeshapoa. Uji hupoa, pasi hupoa, homa ya mtoto hupoa, na kile kisilabi "sha" kilichomo katikati ni mabaki ya kitenzi kwisha, kwa hiyo maneno kamili ni "nimekwisha kupoa", yaani joto la njia limeniondoka lote. Mama mkwe wako alitamka hayo akiwa bado hajavua viatu, vumbi la Tandahimba na Nanyamba likiwa bado kwenye pindo la khanga, na jasho likiwa halijakauka shingoni. Kwa macho ya mwili alikuwa hajapoa hata kidogo. Lakini wewe hukumshangaa wala hukumwita mwongo, kwa sababu ulijua bila kufundishwa kwamba hakuwa anatoa taarifa ya mwili wake. Alikuwa anakwambia kwamba pole yako ameipokea na imefanya kazi yake, na kwamba wewe uliyempa pole ndiye uliyempoza.

Ukilikubali hilo kwa nimeshapoa, itakubidi ulikubali na kwa hawajambo, maana majibu hayo ni ndugu. Neno hujambo tunalitumia kila asubuhi hata tumesahau kwamba ndani yake mna jambo, na kwamba anayejibu sijambo anasema hana jambo, anayejibu hawajambo anasema wale aliowaacha nyuma hawana jambo. Mtu mwenye jino linalomuuma hujibu sijambo. Mwenye deni la ada hujibu sijambo. Kisha, salamu ikishakamilika, husema "ila jino hili halinipi usingizi". Salamu kwetu huenda hadi mwisho wake kwanza, ndipo habari zifuate, na anayekatisha salamu ili aanze na jambo lake huonekana amekuja kukutupia mzigo kabla hujasimama vizuri.

Hapa kuna hoja ambayo vijana hunirudishia kila mara: kama majibu yote ni mazuri siku zote, maswali yana faida gani? Faida yake ni kubwa kwa mwenye sikio lililozoea, kwa sababu jibu zuri lina daraja zake, na mgeni mzima hutumia lile la juu kabisa. Anayetoka kwenye nyumba isiyo na tatizo hujibu upesi, kwa sauti ya juu, na huongeza bila kuulizwa: "Wazima kabisa, wanakusalimuni sana, na bibi amesema nisirudi bila kanga ya mtoto." Anayebeba neno hujibu jibu hilo hilo likiwa limepunguzwa. Utasikia "wapo" mahali pa "wazima". Utasikia "hajambo kidogo", ambalo kwa Kiswahili cha watu wazima maana yake ni kwamba mtu huyo alikuwa mgonjwa na bado hajapona. Utasikia "tunamshukuru Mungu kwa yote", na lile "kwa yote" ndilo la kulisikiliza. Na ukisikia "tutazungumza", basi hapo habari ipo, umeshaambiwa kwamba ipo, kilichobaki ni saa yake tu.

Sikuwepo siku ile, lakini nina shaka kama mama alikujibu "hawajambo" ya juu. Jiulize kama aliongeza salamu kutoka kwa kila mtu, au alinyamaza baada ya neno hilo moja na kuanza kuuliza habari za wajukuu. Hata lile jibu la "hakuna neno" lina maana yake. Aliyesema hakuna neno, baada ya kuja bila taarifa, akiwa na mzigo mdogo wa siku mbili, alikuwa anakuomba umpe nafasi. Wala sikulaumu kwa kutolisikia, kwa kuwa sikio la namna hiyo hupatikana kwa kukaa na watu, na wewe huu ni mwaka wako wa pili.

Kosa lenyewe ni hili: swali la "mbona ghafla, kuna nini?" ulilitoa mapema mno. Kwa watu wa huku, na nadhani kwa Waswahili wengi wa pwani, mgeni haulizwi kilichomleta. Anaulizwa hali yake, anaulizwa njia, anaulizwa aliowaacha, anaulizwa mvua na mashamba, kisha anaachwa. Kilichomleta ni mali yake, naye ataitoa akishakaa, akishakunywa maji, akishaoga na akishakula, mbele ya mtu anayestahili kuipokea. Ukimwuliza akiwa bado mlangoni unamwekea vikwazo viwili kwa mara moja: ama aseme neno zito akiwa amesimama na mzigo mkononi, ama akatae kwa heshima kwa kusema hakuna neno. Mama alichagua la pili, na mtu wa umri wake hawezi kuchagua jingine.

Kuna sababu nyingine iliyomfanya angoje, nayo ni kwamba mgonjwa mwenyewe ni mjomba. Wamakonde, kama walivyo Wamakua, Wayao na Wamwera, kwa asili huhesabu ukoo kwa upande wa mama, na mjomba, yaani kaka wa mama, amekuwa mtu mwenye kauli kubwa kwa wapwa wake, pengine kuliko baba, ijapokuwa dini na maisha ya mjini vimeipunguza nguvu hiyo. Kwa mama mkwe wako mgonjwa yule ni kaka yake, na kwa mumeo ni mtu anayemwita mjomba kwa maana nzito kuliko unayoijua wewe kutoka kwenu. Habari hiyo ilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alikuwa bado kazini. Kumpa mke kwanza, kisha mke ampe mume kwa simu au mlangoni anapoingia, kungekuwa kumvunjia heshima mpwa mbele ya ukoo wake. Kwa hiyo usijihesabu kuwa umefichwa kwa sababu ni mgeni. Hata wifi yako, binti wa kumzaa, kama angekuwa peke yake nyumbani saa ile, huenda angengoja vilevile hadi kaka yake arudi.

Naomba nikuonyeshe jinsi mapokezi yanavyokwenda yakienda vizuri, kwa kutumia ujio mmoja niliouona kwa karibu. Shangazi wa mke wangu alifika kwetu Mikindani jioni moja akitokea upande wa Masasi. Binti yetu wa mwisho alimwona akiwa bado njiani, akatoka mbio bila viatu, akachukua kikapu na kile kifurushi cha korosho kilichofungwa kwenye kipande cha khanga kuukuu, na hapo salamu ilikuwa bado haijasemwa. Kumpokea mtu, kwa maana yake ya kwanza, ni huko kumtua mzigo, na ndiyo maana mwenye ndoo kichwani humwambia mwenzake "nipokee". Mgeni aliyetamkiwa maneno matamu huku mzigo ungali kichwani mwake hajapokewa.

Baada ya mzigo kushikwa ndipo binti alipopiga goti kidogo na kusema shikamoo bibi, akapata marahaba yake. Shikamoo hutangulia pole mbele ya mtu aliyekuzidi umri, maana pole mdogo anaweza kumpa mkubwa, lakini hawezi kuitumia badala ya kumwamkia. Mke wangu akatokea mlangoni: "Karibu, shangazi, karibu ndani. Pole na safari." Shangazi akajibu, "Ahsante, nimeshapoa. Starehe, mwanangu, usijisumbue." Akaketi mkekani, akanyoosha miguu, akaletewa maji ya kunywa kwenye kikombe cha bati, akayanywa yote bila kupumzika. Hakuna aliyemwuliza chochote wakati anakunywa. Hili ni dogo, lakini litazame siku nyingine, utaona kwamba wenyeji wazuri hukaa kimya hadi kikombe kishuke.

Kikombe kiliposhuka ndipo maswali yalipoanza. "Za safari?" "Njema." "Gari lilikuwa zima?" "Zima, tulisimama kidogo Ndanda, na pale Mingoyo tukangoja abiria." "Na huko umewaachaje?" "Nimewaacha salama, wanakusalimuni." "Tumezipokea. Mzee je?" "Yupo, tunashukuru." Niliona mke wangu akinitupia jicho moja la haraka, kwa sababu watu wengine wote walikuwa wameachwa salama, lakini mzee alikuwa "yupo". Hakuuliza zaidi. Akasogea kwenye mvua na mikorosho, kama maua yametoka vizuri mwaka ule na kama ukungu haujayaharibu, na shangazi akaeleza kwa kirefu, akionekana amefurahi kupewa jambo ambalo angeweza kulisema kwa wepesi. Kisha naye akageuza: "Na nyinyi hapa, habari za tangu tuachane?" Nasi tukajibu njema, ingawa wiki ile tulikuwa na mtoto mwenye malaria. Tulimweleza baadaye.

Akapashiwa maji ya kuoga. Akala wali na samaki, akasifu nazi. Taa ilipowashwa, akakohoa kidogo, akasema, "Basi, wanangu, sikuja bure." Mzee alikuwa haoni vizuri tena, na walikuwa wanataka tusaidiane nauli ya kumpeleka kutazamwa macho. Habari ambayo mlangoni ingekuwa kishindo, pale mkekani, tumbo likiwa limeshiba na watu wote wakiwa wameketi, ilikuwa jambo la kupangwa, na tulilipanga kabla ya kulala.

Utaniuliza, na ni haki yako, kama maswali yale ya gari na njia yana maana yoyote au ni ya kujaza muda tu. Kwa watu wa kusini yamekuwa na maana sana. Kabla ya daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, aliyetoka Dar es Salaam kuja huku alivuka mto Rufiji kwa kivuko, na wakati wa masika barabara ya udongo iliweza kumweka njiani siku kadhaa. Wakati huo mgeni aliulizwa "mmelala wapi?", na jibu lake lilikuwa jina la mahali hasa. Siku hizi, kwa lami, mtu hutoka Dar es Salaam asubuhi na kufika Mtwara siku hiyo hiyo, swali hilo likabaki kwa wazee tu, hadi mwanzoni mwa Mei 2024, mvua za kimbunga Hidaya zilipoikata barabara eneo la Somanga na abiria wakakwama. Wiki ile niliwasikia watoto wa sekondari wakiwauliza wageni wao "mmelala wapi?" bila kufundishwa na mtu.

Mimi mwenyewe nilifunzwa utaratibu huu kwa aibu. Nilikuwa mwalimu kijana, nimerudi kazini kutoka likizo wakati wa mvua, baada ya kulala usiku mbili kando ya mto nikingoja kivuko, na mzee mmoja jirani aliponiambia pole na safari nilimjibu, "Mzee, sijapoa hata kidogo," kisha nikamwaga yote pale pale tukiwa tumesimama, matope, mbu, dereva, na fedha nilizoibiwa. Mzee alinisikiliza hadi mwisho. Halafu akasema kwa upole, "Basi na upoe kwanza, mwalimu," akaondoka zake. Kesho yake alikuja tena na papai, akaketi, akanipa pole ile ile kana kwamba hakuwahi kuitoa, nami safari hii nikajibu nimeshapoa. Akauliza za safari. Nikasema njema, ila mto ulitusumbua. Hapo ndipo alipokaa saa nzima kunisikiliza, na ndiye aliyenikopesha fedha za kufikia mwisho wa mwezi.

Sitaki lakini uuchukue utaratibu huu kama sheria isiyo na mlango. Una mipaka, na watu wa huku wanaijua. Habari ya kifo haingoji chakula cha usiku, hasa kwa Waislamu ambao mazishi yao hufanywa mapema, na siku hizi simu huitanguliza. Hata pale mtu anapoileta mwenyewe, humtafuta kwanza mtu mzima wa nyumba hiyo, amweleze kando, na huyo ndiye anayejua jinsi ya kumketisha mfiwa na kumwambia. Vilevile mgonjwa anayehitaji damu, fedha au gari saa ile ile hahifadhiwi hadi watu wapoe. Kama hali ya mjomba ingekuwa ya namna hiyo na mama akangoja saa sita, ningekuwa upande wako, nami ningesema wazi kwamba adabu imetumika vibaya. Lakini mgonjwa aliyelazwa siku sita, anayehudumiwa, ambaye mama yake mumeo ameweza kumwacha akapanda gari kuja kwenu, ni mgonjwa ambaye habari yake ilistahili kuelezwa kwa utulivu.

Simu nayo imeleta utata mpya. Wengi wetu sasa tunajua habari zote kabla mgeni hajashuka stendi, na vijana huona ni unafiki kuuliza "huko hawajambo?" wakati jana tu walizungumza nao. Bado ninakushauri uulize. Mgeni huwa amebeba salamu alizotumwa, na usipouliza umewaachaje unamnyima nafasi ya kuzitua, kama vile kumwacha asimame na kikapu. Na kwa jambo zito, zingatia kwamba mama mkwe wako alikuwa na simu na hakuitumia. Mtu anayekata tiketi badala ya kupiga simu tayari amekuambia uzito wa anachokuja kusema.

Siku akija tena, mpokee mzigo kwanza. Mwamkie, mpe pole, mpe maji na mahali pa kukaa, na kama wamefuatana wawili au zaidi ukumbuke kusema poleni, nao watajibu tumeshapoa. Ukishindwa kujua uulize nini baada ya hapo, uliza njia, kisha uliza aliowaacha kwa majina, na usikilize ni nani anaitwa "mzima" na ni nani anaitwa "yupo". Usimwulize atakaa siku ngapi. Swali hilo wenyeji wa huku huliona ni sawa na kumwonyesha mlango, nami nimeona posa ikivurugika kwa ajili yake, ila hiyo ni hadithi ya siku nyingine. Kama mumeo hayupo, sema tu "baba fulani atarudi jioni", ukitaja jina la mwanao kama mmekwisha kupata mtoto. Kwa maneno hayo umemwambia mama kwamba unajua ana neno na kwamba humharakishi.

Kuhusu machozi ya mwezi uliopita, hilo siwezi kulimaliza kwa maandishi, wala nisingependa ulimalize kwa simu. Nenda Newala kumjulia hali mjomba, maana hilo unalidaiwa kwa vyovyote, na umwombe wifi yako mfuatane. Wifi aliyekusahihisha ndiye mtu anayefaa kukusindikiza, kwa kuwa atatangulia kusema kwa niaba yako pale ambapo mkwe hawezi kujisemea. Umwombe pia akufundishe salamu za Kimakonde mkiwa njiani, kwa sikio na kwa kurudia, kwa sababu wazee wa huko huenda wakazungusha mapokezi yote kwa lugha ya nyumbani, na mimi nikikuandikia matamshi hapa nitakupotosha. Ukiona kwamba mama bado ana kinyongo hata baada ya hapo, mtafuteni shangazi wa mumeo akae nanyi watatu. Msimwingize mumeo katikati ya mama yake na mke wake.

Wala huhitaji kuomba radhi kwa hotuba. Ukifika utakuwa wewe ndiye mgeni, na mama mkwe ndiye atakayetoka kukupokea mzigo na kusema pole na safari, mwanangu. Jibu nimeshapoa. Akikuuliza za huko, sema njema, wanakusalimuni, hata kama rohoni una lako. Kunywa maji. Oga. Kula. Halafu, mtakapokuwa mmeketi wawili mkimenya muhogo au mkichambua mboga, mwambie, "Mama, siku ile ulipokuja nilikuharakisha." Hapo atakuwa na nafasi ya kukujibu.